Shairi la kiangazi redioni: kuweka maji na kulinda miche. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watunzi, watangazaji na vikundi vya kijamii vinavyopewa nafasi fupi ya redio wakati wa kiangazi na kutaka kuitumia kwa shairi. Majibu yote yanazunguka shairi moja la beti nne ambalo liko hapa chini. Lichukueni, libadilisheni, lisomeni hewani.

Nafasi ya dakika mbili inabeba beti ngapi?

Nne. Ukisoma kwa mwendo wa kumwezesha mtu aliyeko jikoni kukufuata, mshororo wa mizani 16 unachukua kama sekunde 4, na sekunde moja ya kupumua. Ubeti wa mishororo minne ni sekunde 20, na kati ya ubeti na ubeti unahitaji kimya cha sekunde 2. Beti nne zinafika kama sekunde 86. Zinazobaki ni za mtangazaji kufungua na kufunga, na hizo usizile, kwa sababu kuna mambo ambayo shairi haliwezi kuyasema na yeye ndiye atakayeyasema.

Kama shairi litaghaniwa badala ya kusomwa, hesabu inavunjika. Mshororo wa kughaniwa hufika sekunde 7 au 8, hivyo beti nne peke yake zinamaliza dakika mbili. Hapo punguza ubeti wa kwanza. Usipunguze ubeti wenye maelekezo, na wala usiharakishe mahadhi.

Shairi lenyewe ni lipi?

Kiangazi kimefika, mvua zimekuwa haba,
Kisima kimekauka, ng'ombe hawezi kushiba,
Kidogo kinachoshuka, hicho tuweke akiba,
Tuweke maji nyumbani, miche isife shambani.

Sugua ndani ya pipa, usisahau kitako,
Ya mwanzo ya paa tupa, hubeba taka za huko,
Iwe ndoo iwe chupa, usikose kifuniko,
Tuweke maji nyumbani, miche isife shambani.

Jua linapiga kasi, linapasua kiwanja,
Tandaza mabua, nyasi, unene uwe kiganja,
Shina lipate nafasi, mchwa wasije kuonja,
Tuweke maji nyumbani, miche isife shambani.

Subiri iwe jioni, jua kali liiname,
Mimina maji shinani, polepole yakazame,
Usimwage majanini, mizizi ibaki kame,
Tuweke maji nyumbani, miche isife shambani.

Kwa nini tarbia yenye vina? Si ingekuwa rahisi kuandika shairi huru?

Kuandika ingekuwa rahisi, kukumbuka ingekuwa vigumu. Msikilizaji wa redio hana ukurasa wa kurudia. Akipitwa na neno limempita, na akitaka kumsimulia jirani kesho yake, anachoshika ni kile ambacho sikio lilikisubiri. Kina ndicho kinacholiweka sikio katika kusubiri: akishasikia "kitako" na "huko", anajua kuna "-ko" inakuja, na inapokuja ni "kifuniko", neno ambalo ndilo ubeti mzima uliandikwa kwa ajili yake. Panga hivyo kila unapoweza: neno la kazi liwe mwishoni mwa mshororo wa tatu, mahali ambapo sikio limekwisha kuandaliwa.

Kibwagizo kinachorudi mara nne kinafanya kazi nyingine. Mtu anayefungua redio katikati ya ubeti wa tatu bado atapata ujumbe mkuu mara mbili.

Mizani huhesabiwaje? Nimehesabu mara tatu na kila mara napata jibu jipya.

Hesabu silabi kama zinavyotamkwa, wala usihesabu herufi. Ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, uwe na 8, na utao, kipande cha pili, uwe na 8. "Tuweke maji nyumbani" ni tu-we-ke-ma-ji-nyu-mba-ni, nane. "Miche isife shambani" ni mi-che-i-si-fe-sha-mba-ni, nane tena.

Panapowachanganya wengi ni konsonanti inayosimama peke yake. "Mchwa" ni mizani mbili, m-chwa, kwa kuwa hiyo m ina pumzi yake. "Mvua" nayo ni mbili, lakini mgawanyo wake ni mvu-a, kwa sababu m hapo imeshikana na v. "Ng'ombe" ni mbili, "ndoo" ni mbili. Neno linaloharibu mishororo kuliko yote ni "kabla". Katika ushairi ni tatu, ka-b-la. Mtu huandika "Kabla hujachota maji" akiamini ana nane, kumbe ana tisa, na msomaji akifika hapo anajikwaa bila kujua kilichomkwaza.

Njia ya uhakika ni kupiga meza kidole kimoja kwa kila silabi huku ukisema kwa sauti. Kusoma kimya kunadanganya.

Kwa nini "ng'ombe hawezi kushiba"? Kisima kikikauka si ndoo ndiyo inayogonga chini?

Ndivyo rasimu ilivyokuwa: "Kisima kimekauka, ndoo inagusa mwamba". Picha hiyo ni bora, na kuiacha kunauma. Tatizo ni kina. "Haba" na "akiba" zinaishia kwa silabi ba, ilhali "mwamba" inaishia kwa mba. Kwenye karatasi jicho linasamehe. Sikio lililozoea mashairi linasikia hitilafu mara moja, na badala ya kuwaza kuhusu akiba linabaki kuwaza kuhusu mtunzi. Vivyo hivyo usichanganye da na nda, wala ga na nga.

Ukitaka kuirudisha ndoo kwenye mwamba, badili mwisho wa ubeti mzima uwe mba (shamba, kamba, nyumba, mwamba). Utapata ubeti mzuri, ila neno "akiba" utalitafutia mahali pengine.

Nimejaribu kutunga ubeti wangu kwa vina vya "maji" na "miche", haukutoka vizuri. Kosa liko wapi?

Ni maneno mawili yenye matatizo yanayopingana.

"Miche" haina ndugu. Maneno yanayoishia kwa -che ni machache, nawe utaishia kwenye "ache", "ifiche" na kukwama. Liweke neno hilo mwanzoni au katikati ya kipande, kama lilivyo kwenye kibwagizo, lisibebe kina.

"Maji" ina ndugu wengi kupita kiasi. Kila kitenzi kinaweza kuzaa mtu: mfugaji, mchotaji, mtumiaji, mmwagiliaji. Ndiyo maana mashairi mengi ya maji huanza hivi:

Ndugu msikilizaji, ewe nawe mfugaji,

Mizani imetimia, nane kwa nane. Kina kipo. Lakini sekunde 5 za hewani zimekwenda na hakuna aliyeambiwa afanye nini. Dalili ya kujaza ni hii: funika mshororo kwa mkono, soma ubeti bila huo mshororo, na kama hakuna kazi iliyopotea, mshororo huo ulikuwa wa kupambia tu.

Mbona ubeti wa pili unasema "usikose kifuniko" badala ya kusema waziwazi "funika"?

Hapa ndipo redio inapotofautiana na karatasi kuliko mahali pengine popote, na ni vizuri kukaa kidogo.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kazi za maji na udongo ambavyo kinyume chake kiko umbali wa sauti moja au mbili tu. Funika na funua. Fukia na fukua. Ziba na zibua. Tega na tegua. Ukiandika "fukia mtungi karibu na mche", na redio ya msikilizaji ina mkwaruzo, au trekta limepita, anaweza kusikia "fukua". Amepewa amri iliyo kinyume kabisa, na yote mawili yana maana, kwa hiyo hatashtuka.

Kinga yake ni kutumia nomino au kitenzi kisicho na pacha wa namna hiyo. "Kifuniko" hakichanganyiki na kitu. "Tandaza", "mimina" na "sugua" ni salama. Kama lazima utumie "fukia", kishikize kwa neno la pili linalothibitisha maana, mfano "fukia hadi shingoni" kwa mtungi: aliyesikia "fukua" atajua amesikia vibaya. Baada ya kutunga, pitia kila kitenzi cha amri na ujiulize kikigeuzwa sauti moja au mbili kinakuwa nini.

Maelekezo ya shairi yana usahihi gani? Kiganja ni kipimo gani?

Ni upana wa kiganja, kama sentimita 8. Matandazo membamba kuliko sentimita 5 jua linayapita na udongo unakauka kama kawaida. Yakizidi 10 sana, mvua ndogo au maji kidogo ya ndoo yanaishia kwenye nyasi bila kuufikia udongo. Kiganja kiko katikati, na kila msikilizaji anacho. Lakini "unene uwe kiganja" mtu anaweza kukisoma kama urefu wa kiganja kizima, kwa hiyo mtangazaji aseme mara moja: "upana wa kiganja, siyo urefu."

"Shina lipate nafasi" ni upana huohuo wa kiganja kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina, gome linakaa na unyevu na kuanza kuoza, na mchwa wanapata njia iliyofichika. Ukiacha uwazi, vijia vyao vya udongo vinaonekana mapema. Penye mchwa wengi, uwazi pekee hautoshi. Mwenye shamba akague kila baada ya siku chache na kuvivunja vijia hivyo.

"Ya mwanzo ya paa" ni maji ya dakika za kwanza za mvua, ambayo yanashuka na vumbi, majani na vinyesi vya ndege. Baada ya kiangazi kirefu paa huwa limekusanya miezi ya uchafu, kwa hiyo mvua ya kwanza ndiyo chafu kuliko zote. Ondoa pipa chini ya mfereji, acha maji yamwagike hadi yawe meupe, kisha rudisha. Ya mwanzo hayo yanaweza kwenda kwenye miche moja kwa moja. "Tupa" ya shairi inahusu pipa la nyumbani.

Na kitako cha pipa kimetajwa kwa sababu watu husugua kuta wakaacha chini, ambako tope hukaa na kuharibu maji mapya. Kifuniko nacho ni kwa ajili ya uchafu na mbu pia: penye joto, yai la mbu linaweza kufikia kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hivi, hivyo pipa lililo wazi ni kitalu cha mbu.

Kwa nini jioni tu? Asubuhi je?

Alfajiri ni nzuri sawa na jioni. Shairi limechagua moja kwa makusudi, kwa sababu ukisema "jioni au alfajiri" unatumia kipande kizima na msikilizaji anabaki na uchaguzi badala ya kazi. Sababu ya kukwepa mchana ni kwamba sehemu ya maji inapaa kabla haijafika mizizini. Sababu ya kukwepa majani ni mbili: maji ya juu hayafiki kwenye mizizi, na majani yakilala na maji usiku kucha magonjwa ya ukungu yanapata nafasi.

Ni maji kiasi gani kwa mche? Mbona shairi halitaji lita?

Idadi haikai vizuri ndani ya shairi la redio. Sikio linashika namba moja, labda mbili, na namba ya maji inabadilika kwa udongo na ukubwa wa mche. Hiyo ni kazi ya mtangazaji baada ya kibwagizo cha mwisho, naye aseme sentensi moja tu, kwa mfano: "Mche wa mti uliopandwa msimu huu, anza na lita 3 hadi 5 mara mbili kwa wiki, kisha chimba kwa kijiti uone kama unyevu umeshuka."

Mara mbili kwa kina ni bora kuliko kikombe kila siku. Kikombe kinalowesha juu tu, mizizi inabaki juu kufuata unyevu, na siku maji yakikosekana inaungua. Kwenye mchanga maji hushuka haraka, kwa hiyo gawa kiasi hicho cha wiki mara tatu. Miche iliyo bado kwenye viriba ni habari nyingine: udongo wake ni mdogo na inaweza kuhitaji maji kila siku. Ndiyo maana kibwagizo kinasema "shambani".

Tunaweza kuwapa wasikilizaji hesabu ya maji ya paa?

Ndiyo, na ni hesabu nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Chukua nyumba yenye paa linalofunika urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Eneo ni mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 10 inatoa lita 300. Toa kama moja ya tano kwa yanayorukia nje, yanayovuja na yale ya mwanzo, unabaki na lita 240. Pipa la lita 200 limejaa na ndoo mbili juu yake, kwa mvua ambayo wengi wangeiita ya kupita tu. Pima paa kama linavyoonekana likitazamwa kutoka angani, kwa mlalo wa ardhi. Usipime mteremko wa mabati.

Maji ya kufulia yanaweza kwenda kwenye miche. Kwa nini hayamo kwenye shairi?

Kwa sababu yana masharti mengi. Maji ya kusuuzia ni mazuri kwa miti. Yenye sabuni nyingi yakirudiwa kila siku yanaharibu udongo. Yenye dawa ya kung'arishia nguo yasitumike. Na yoyote kati yake yasimwagwe kwenye mboga inayoliwa mbichi. Jaribu kuyatia masharti manne kwenye mizani 16 na mojawapo litaanguka. Jambo linaloweza kudhuru likisikika nusu lisiwekwe kwenye shairi. Mpe mtangazaji au mtaalamu wa kilimo katika mazungumzo marefu zaidi.

Kwetu hakuna kisima, na mahindi hatulimi. Tunaweza kubadili maneno?

Inafaa mbadili, ila mizani ibaki. "Kisima kimekauka" inaweza kuwa "Mto umeshakauka" au "Bomba limeshakauka", zote nane. Usiandike "Mto wetu umekauka", hiyo ni tisa. Badala ya "mabua" weka "majani": "Tandaza majani, nyasi". "Ng'ombe" inaweza kuwa "mbuzi" bila kugusa kitu kingine.

Neno moja msilibadili kirahisi ni "kiangazi" kuwa "ukame". Kiangazi huja kila mwaka. Ukame ni mvua kukosa kuja ilipotarajiwa. Mkiita kila kiangazi ukame, siku ukame wenyewe ukija hamtakuwa na neno la kuutangaza.

Tunarekodi kwa simu. Sauti inatoka na mipasuko, hasa ubeti wa pili. Tufanyeje?

Ubeti wa pili umejaa p: pipa, paa, tupa, chupa. Kila p inatoa upepo unaogonga kipaza sauti. Shika simu upande wa shavu, umbali wa sentimita 15 hadi 20, usiiweke mbele ya mdomo moja kwa moja. Rekodini mshororo huu peke yake kwanza: "Ya mwanzo ya paa tupa". Ukitoka safi, mengine yatatoka.

Chumba chenye kitanda, pazia na nguo zilizotundikwa ni bora kuliko ukumbi mtupu, ambao unarudisha mwangwi na kula mwisho wa maneno, yaani vina. Msirekodi chini ya bati mchana wa jua kali, linapanuka na kulia.

Tutajuaje kwamba shairi linaeleweka kabla ya kulirusha?

Tafuteni watu watatu ambao hawajaliona. Mmoja awe anafanya kazi ya mikono wakati anasikiliza, kuosha vyombo au kupukuchua. Wasomeeni mara moja tu, kisha muulize: pipa lifanyweje, nyasi ziwekwe unene gani, maji yamiminwe wapi na saa gani? Msiulize kama wamelipenda. Wote wakikosea jibu lilelile, kosa ni la ubeti. Mara nyingi kinachoanguka ni "ya mwanzo ya paa", kwa kuwa neno maji halikutajwa. Dawa yake ni mtangazaji kufungua kwa kusema, "Mtasikia habari za pipa, za maji ya mwanzo ya paa, na za miche."

Lirushwe saa ngapi, na kwa muda gani?

Saa 10 jioni au karibu na hapo, ili ubeti wa mwisho umfikie mtu akiwa na saa moja au mbili za kujiandaa. Likisikika saa 4 asubuhi, "subiri iwe jioni" linasahauliwa kabla ya chakula cha mchana. Baada ya wiki mbili za kila siku, anzeni na ubeti wa tatu au wa nne badala ya wa kwanza, kwa kuwa sikio lililozoea huacha kusikia mwanzo. Mvua ikishika, liondoeni siku hiyohiyo.